Wote Wanatumia K

"Mwanangu, wewe waona natumia simu gani?"

Ujumbe huo uliingia kwenye dirisha la mazungumzo la tovuti yetu asubuhi moja, nikiwa ndiyo kwanza nafungua duka. Aliyeuandika ni mama mmoja wa Langoni, Lamu. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka tangu pembe ya juu hadi katikati, lakini kikigusika bado kinaitika, na alitaka tumletee kingine. Simu yenyewe alipewa na mtu wa nyumbani, haina boksi wala risiti. Mgongoni alikuwa amesoma neno Samsung, na hapo ndipo elimu yake juu ya simu hiyo ilipokomea. Samsung gani? Ndilo alilokuwa akiniuliza.

Nauza vipuri vya simu hapa Malindi: vioo, betri, milango ya chaji, na hivyo vitu vidogo ambavyo mafundi wa Lamu huagiza kwetu na kupokea siku ya pili. Tukifunga mzigo vizuri, hupanda basi la alfajiri, hupita Garsen na Witu mpaka Mokowe, kisha huvuka kwa boti. Safari ni ndefu kwa kitu chembamba kama kioo. Kikifika siyo, hurudi njia ile ile.

Nilimjibu yule mama papo hapo. Juu ya dirisha la mazungumzo, pembeni mwa namba yake, paliandikwa "Samsung Galaxy A10". Nikamwandikia: "Mama, unatumia Samsung A10. Kioo chake kipo." Sikusema "inaonekana", wala "huenda". Yeye ameona Samsung mgongoni, mimi naona Samsung kwenye kompyuta, basi nikaona tumeshakubaliana. Akatuma pesa, tukatuma kioo.

Siku mbili baadaye fundi wake alinipigia. Alikuwa amefungua simu, ametoa kioo kibovu, na kioo chetu hakikai. Simu ilikuwa A10s.

Kwa asiyefanya kazi hii, herufi moja ya mwisho ni kitu kidogo. Lakini A10 ni SM-A105F na A10s ni SM-A107F, simu mbili tofauti zilizotoka mwaka mmoja, 2019. Kwa mbele huwezi kuzitenganisha kwa macho: zote ni inchi 6.2, zote zina kile kijitundu cha kamera juu katikati chenye umbo la tone. Ukizigeuza ndipo zinasema. A10 ina kamera moja mgongoni na haina pa kuweka kidole. A10s ina kamera mbili, na pana kiduara cha alama ya kidole. Ningemuuliza yule mama, "Geuza simu, kuna kamera ngapi?", tungelimaliza shauri kwa sekunde tano. Sikumuuliza kwa sababu niliamini maandishi yaliyokuwa mbele yangu kuliko mtu aliyekuwa ameishika simu yenyewe mkononi.

Nilimrudishia pesa zake na nauli ya mzigo. Kisha nikakaa usiku mmoja kutafuta yale maneno "Samsung Galaxy A10" yalitoka wapi, maana nilikuwa nayatumia kila siku bila kujua asili yake.

Yalitoka kwenye mstari mmoja ambao kila kivinjari hujitambulisha nao kinapofungua ukurasa. Mstari huo unaitwa `User-Agent`. Mstari uliohifadhiwa chini ya namba ya yule mama ulikuwa huu:

```
Mozilla/5.0 (Linux; Android 9; SM-A105F) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/88.0.4324.93 Mobile Safari/537.36
```

Hapo modeli imeandikwa wazi, SM-A105F. Mfumo wetu uliisoma, ukaitafsiri kuwa Galaxy A10, ukaiweka juu ya dirisha. Ila ukitazama namba ya Chrome utaona ni 88, toleo la mapema mwaka 2021. Yule mama aliniandikia mwaka 2024. Mstari huo ulikuwa wa siku nyingine, na nilipompigia kuomba radhi nilijua ya siku hiyo: mwanawe aliwahi kuagiza betri kwetu kwa simu yake mwenyewe, akaandika namba ya mamake. Mfumo ukashika namba, ukashika simu, ukavifunga pamoja. Kila mama yule alipofungua tovuti kwa simu yoyote, juu ya jina lake lilining'inia jina la simu ya mwanawe.

Nikatafuta mstari wa siku ile ile aliyoniuliza. Ulikuwepo, nao ulisema hivi:

```
Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/126.0.0.0 Mobile Safari/537.36
```

Mahali pa modeli pana K. Hakuna simu iitwayo K. Tangu mwaka 2023 Chrome ya Android imeacha kutaja modeli kwenye mstari huu. Kila simu, iwe ya bei gani, imetoka kiwanda gani, huandika K. Hiyo "Android 10" nayo imegandishwa: simu yenye Android 14 itasema 10, na yenye Android 9 itasema 10. Namba ndogo za toleo la Chrome zimekuwa sufuri tatu. Wenye kivinjari walifanya hivi kwa makusudi, kwa sababu mstari ule ulikuwa na maelezo mengi kiasi kwamba tovuti ziliweza kumfuata mtu kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kuyaunganisha tu, bila yeye kujua. Naunga mkono uamuzi huo. Lakini mfumo wetu wa duka haukuwa na jibu kwa K, kwa hiyo ulipoikuta ulirudi nyuma kuchukua modeli ya mwisho unayoikumbuka, na kuionyesha kana kwamba ni ya leo.

Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Maandishi hayakusema "hii ni ya mwaka 2021". Hayakusema "leo sioni". Yalikaa pale kwa herufi nene kama kitu kilichothibitishwa.

Baada ya hapo nilifungua mazungumzo ya wiki nzima nikitazama mistari yake. Karibu kila mteja wa Android alikuwa K. Mvuvi wa Kizingitini, mwalimu wa Maweni, dereva wa bodaboda pale stendi, wote K. Nilikuwa nikiwajibu watu hao kwa uhakika miezi mingi, na pale nilipopatia ni kwa sababu wao wenyewe walishanitajia jina la simu mwanzoni.

Nikajaribu kurekebisha kwa upande wa mashine kabla ya kurekebisha ulimi wangu. Ipo njia. Chrome haitaji modeli kwa hiari yake, lakini tovuti ikiomba, huitaja. Seva hutuma ombi hili pamoja na ukurasa:

```
Accept-CH: Sec-CH-UA-Model
```

Na kivinjari, kikirudi mara ya pili, hujibu kwa mstari kama huu:

```
Sec-CH-UA-Model: "SM-A107F"
```

Nilifurahi nilipouona mara ya kwanza. Kisha nikaanza kuona mipaka yake. Mara ya kwanza mtu anapoingia hakuna modeli, kwa kuwa bado hujaiomba, na wateja wengi huuliza swali lao hapo hapo wanapoingia. Safari, kivinjari cha iPhone, haiijui njia hii kabisa, kwa hiyo wenye iPhone hawamo. Firefox vilevile. Na mtu akiwa amewasha ile alama ya "Desktop site" kwenye Chrome, simu yake hujitambulisha kama kompyuta ya Linux, K yenyewe ikapotea na neno `Mobile` pia.

Nilifikiri basi nitumie ukubwa wa skrini, maana kivinjari huutaja. Nikachukua A10 na A10s mbili mbovu za dukani, zinazowaka. Zote mbili zina nukta 720 kwa 1520, na kivinjari huzigawa kwa mbili na kusema 360 kwa 760. Namba zile zile kabisa kwa simu ambazo vioo vyake havibadilishani. Kwa iPhone ni hivyo hivyo: 390 kwa 844 ni namba ya iPhone 12, ya 13 na ya 14, na mstari wa `User-Agent` wa zote husema `iPhone` bila zaidi. Anayetaka kuuza kioo kwa namba hizo anapiga ramli.

Ila kuna kikomo kimoja ambacho hakuna mstari wa kivinjari utakaokivuka, na nilichelewa kukiona ingawa kiko wazi. Mtu ambaye kioo chake kimekufa haniandikii kwa simu hiyo. Anaazima. Ananiandikia kwa simu ya mumewe, ya dada, ya mwenye duka jirani, au kwa kompyuta ya ofisini. Hata ningelisoma modeli sahihi kabisa, ya dakika hiyo hiyo, ningekuwa nimesoma simu nzima isiyohitaji kitu. Swali "natumia simu gani?" lina maana mbili, na aliye upande wa pili mara nyingi anamaanisha ile iliyolala mezani imezimika.

Basi nilibadilisha vitu viwili. Cha kwanza ni maandishi ya juu ya dirisha. Sasa modeli haionekani bila tarehe yake, na ikiwa leo ni K, panaandikwa tu "Android, modeli haijulikani". Kijana anayetusaidia na kompyuta aliniambia wateja wataona mfumo umeharibika. Wateja hawauoni mfumo, anayeuona ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikidanganywa nao.

Cha pili ni jibu lenyewe. Mtu akiniuliza leo natumia simu gani, ninamwandikia karibu hivi:

"Ninachokiona huku ni kwamba ukurasa umefunguliwa na simu ya Android, kwa Chrome. Modeli siioni, kivinjari hakinipi. Ukiniambia nibahatishe nitabahatisha, lakini usinunue kioo kwa kubahatisha kwangu. Simu unayoulizia ndiyo hiyo unayoandikia, au ni nyingine?"

Akisema ndiyo hiyo na inagusika, namwelekeza aingie `Settings`, ashuke mpaka chini kabisa kwenye `About phone`, anisomee palipoandikwa `Model number`. Si jina la juu, namba. Jina hudanganya kwa herufi moja, kama lilivyotudanganya. Akisema ni nyingine na imezimika, tunageuza mgongo. Simu nyingi za Samsung zina maandishi madogo kule chini yenye modeli, yakiwa hayajasuguliwa na kava. Yakiwa yamefutika, tunahesabu kamera, tunatafuta pa kidole, tunatazama mlango wa chaji ni wa Type-C au ni ule mdogo wa zamani. Picha mbili za mchana, nyuma na chini, hunitosha kuliko mistari yote ya seva.

Wapo wanaopiga `*#06#` na kutaka kunitumia IMEI nzima. Nawazuia. Tarakimu ni 15, na 8 za mwanzo ndizo zinazotaja aina ya simu. Zinazobaki ni za simu yako wewe peke yako, na sizihitaji kwa kuuza kioo. Nitumie nane.

Niliogopa kwamba jibu la namna hii litanipunguzia wateja. Mtu amekuja dukani anataka kujua, wewe unamwambia hujui. Nahodha mmoja wa Amu aliniuliza kwa sauti ya mshangao, alinipigia kabisa: "Kwa hivyo hujui?" Nikamwambia, "Sijui, ami. Najua ni Android tu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, ngoja nitafute miwani." Tukaisoma pamoja, yeye herufi kwa herufi, mimi naandika. Ilituchukua dakika kumi kwa sababu mtandao ulikuwa ukikatika. Kioo kilikaa mara ya kwanza.

Kuna upande mwingine wa swali hili ambao sikuutarajia. Ustadhi mmoja wa Malindi aliniuliza ninaona anatumia kifaa gani, na nilipoanza kumweleza nikagundua hakuwa na haja ya kipuri chochote. Alikuwa na hofu. Alikuwa amesikia kwamba ukifungua tovuti mwenye tovuti anakuona, na alitaka kujua nimeona kiasi gani. Hapo kishawishi ni kumtuliza mtu upesi: "Hapana, hatuoni chochote." Huo ungekuwa uongo wa upande wa pili. Nilimwambia ninachokiona kweli: mstari unaosema ni kompyuta ya Mac yenye Safari, saa aliyoingia, kurasa alizofungua kwetu, na anwani ya mtandao ambayo, kwa hesabu ya mfumo wetu, ilimweka Nairobi.

Akacheka kwa furaha. Hana Mac, wala hakuwa Nairobi. Alikuwa amekaa barazani kwake Barani na iPad mapajani.

Nikamweleza kwa nini, maana kosa lenyewe linaonyesha udhaifu kuliko maelezo. Tangu mwaka 2019, iPad hujitambulisha kwenye Safari kama `Macintosh`, ili tovuti ziipe kurasa kamili badala ya zile za simu. Ipo hila ya kuitambua: kompyuta za Mac hazina skrini ya kugusa, kwa hiyo ukiuliza kivinjari kinapokea vidole vingapi, nacho kikisema zaidi ya kimoja, karibu hakika ni iPad. Sikuwa nimeiweka hila hiyo. Na Nairobi ilitokana na mtandao wa simu, ambao hutokea kwenye intaneti kupitia mitambo ya mbali na alipo mtu. Nimewahi kuwaona watu wa Pate, wa Faza na wa Shela wote wamepangwa Nairobi kwa pamoja.

Ustadhi aliniuliza, "Sasa ungeambiwa uape kwamba mimi ni mtu wa Mac aliyeko Nairobi, ungeapa?" Nikamwambia asubuhi ile ile ningeandika hivyo kwenye karatasi ya mzigo bila kusita. Alinyamaza, nami nikanyamaza.

Hilo linanirudia mara kwa mara nikiwa kazini. Kile kisehemu cha juu cha dirisha kina sauti ya hakimu. Hakisemi "nadhani". Anayeketi mbele yake ndiye wa kuongeza neno "nadhani", na kusema nadhani kwa sababu gani, na kusema ni kwa kiasi gani. "Nadhani ni tableti, kwa sababu mstari hauna neno `Mobile`" ni sentensi ambayo mteja anaweza kuipima. Atasema, "La, ni simu, ila nimewasha ile ya kompyuta." Ukimwambia "unatumia tableti" na ukanyamaza, hana pa kushika. Akiwa mtu mpole, au mzee asiyejiamini na simu, atakubali tu. Yule mama wa Langoni alikubali. Alikuwa na kamera mbili kiganjani na akakubali.

Kioo chake cha pili nilikipeleka mwenyewe hadi stendi, nikakiandika ubavuni SM-A107F kwa kalamu nene, fundi akiweke kando ya simu kabla ya kufungua chochote. Kilikaa.

Juzi ameniandikia tena. Juu ya dirisha: Android, modeli haijulikani.

"Mwanangu, hii niandikayo ni yangu ile ile, nzima. Iliyovunjika ni ya jirani, iko hapa mbele yangu. Kamera tatu nyuma. Usitazame huko kwako, nakusomea mimi. Una kalamu?"